CT ya sainasi: utando mnene na maji

"Pua imeziba miaka sasa. CT inasema utando wa sainasi ni mnene na kuna maji. Maana yake nini?"

Pole sana ndugu. Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, na unene wa utando wake ni uvimbe wa muda mrefu. Maji ni ute uliokwama: pichani huonekana kijivu chini, hewa nyeusi juu, na mstari ulionyooka katikati. Sainasi ya shavuni hutolea ute kwenye tundu lililo juu. Likivimba, ute hautoki. Safisha pua kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha tumia dawa ya steroidi ya kupulizia puani uliyoandikiwa, wiki 8 hadi 12. Ikiwa tatizo ni la upande mmoja tu, jino bovu la juu nalo lichunguzwe. Jicho likivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.