Maswali ya wahasibu wa shule: sanduku la matumizi madogo madogo

Bodi yetu ilipitisha masurufu ya shilingi 20,000. Pesa zikipungua naandika hundi ya kiasi chochote, mara 10,000, mara 15,000. Mkaguzi amekataa. Kosa liko wapi? (Mhasibu, Kakamega)

Liko kwenye hiyo "chochote", dada. Masurufu ni kiasi kisichobadilika mpaka bodi ikae na kukibadilisha. Saa yoyote mtu akifungua sanduku lako, pesa zilizomo ukizijumlisha na vocha ulizokwisha kulipa lazima upate 20,000. Kwa hiyo unapojaza, hundi inafuata vocha. Vocha zikiwa 13,460, hundi ni 13,460, na sanduku linarudi pale pale lilipoanzia. Ukijaza kwa kukadiria, baada ya miezi miwili hujui tena ndani kulipaswa kuwa na nini, na pesa zikipotea hakuna hesabu itakayokuonyesha.

Usisubiri sanduku likauke. Mimi nilikuwa naomba kujaza zikibaki kama 5,000, maana hundi inahitaji saini na wenye saini husafiri.

Jambo la pili kwenye kujaza ni muhuri. Mwalimu mkuu apewe hundi pamoja na vocha zote na risiti zake, na kila karatasi igongwe muhuri wa IMELIPWA kabla hajatia saini. Karatasi zote, si vocha peke yake. Katika shule moja niliyofanyia kazi, risiti ya gesi ya maabara ilitolewa kwenye faili na kurudi kwangu baada ya wiki saba ikiwa imebanwa kwenye vocha mpya. Haikuwa na muhuri. Niliilipa mara ya pili kwa mkono wangu mwenyewe, na niligundua mwisho wa muhula nilipoona namba ya risiti inajirudia daftarini. Tangu siku hiyo naandika namba ya vocha juu ya risiti kwa kalamu ya wino.

Ijumaa jioni nimehesabu nikapata pungufu ya shilingi 270. Nitoe zangu mfukoni nimalize? (Karani wa hesabu, Kisumu)

Usitoe, ndugu yangu. Ukifidia kimya kimya umeficha kosa, na mkaguzi atakayekuja Jumatatu hatakuwa na pa kuanzia. Umenitumia takwimu zako, basi tuzipitie pamoja.

Noti na sarafu zako: 1,000 tano, 500 nne, 200 sita, 100 tisa, 50 tano, na sarafu za 80. Jumla ni 9,430. Daftari linasema vocha ni 10,300. Ukijumlisha unapata 19,730, nawe ulipaswa kupata 20,000.

Kabla ya kumshuku mtu, gawanya upungufu kwa 9. Hapa 270 inagawanyika bila baki, inakuja 30. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi mtu anaponakili, tofauti huwa lazima igawanyike kwa 9. Si ushahidi kamili, lakini inakuambia pa kutafuta kwanza: chukua vocha moja moja, uisome dhidi ya daftari. Katika picha ulizotuma, vocha ya vipuri vya mashine ya kukata nyasi ni 850, na daftarini umeandika 580. Hiyo ndiyo 270 yako. Jumla sahihi ya vocha ni 10,570, na ikiongezwa 9,430 unapata 20,000 kamili.

Usifute 580 kwa wino mweupe. Ipige mstari mmoja isomeke, andika 850 juu yake, tia saini fupi na tarehe.

Kama ungepitia vocha zote bila kupata kitu, ungeandika karatasi ya upungufu siku ile ile, wewe na aliyeshuhudia kuhesabu mkatia saini, mwalimu mkuu akaamua. Na kuhesabu kusiwe Ijumaa tu. Mwalimu mkuu, au mtu aliyemteua asiyeshika ufunguo wa sanduku, aje bila kutangaza angalau mara moja kwa mwezi.

Kikomo chetu ni 2,000 kwa vocha moja. Fundi wa bomba amedai 3,600 na anataka nimwandikie vocha mbili. (Mhasibu, Nakuru)

Mkatalie. Kugawa ununuzi ili kukwepa utaratibu kumekatazwa katika kifungu cha 54 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na ni jambo rahisi sana kulinasa: namba za vocha zinafuatana, tarehe ni moja, jina ni moja. Kazi hiyo ipitie agizo la huduma na ilipwe benki. Bomba likipasuka usiku, mwalimu mkuu aandike idhini maalumu akieleza dharura, kama sera yenu inaruhusu. Kama hairuhusu, peleka pendekezo bodini sasa, kabla bomba jingine halijapasuka.

Mama wa mboga Kibuye hatoi risiti. Nifanyeje? (Mhasibu, Kisumu)

Soko ni soko, na yule mama si mkosaji. Tengeneza fomu ya malipo yasiyo na risiti: tarehe, bidhaa na kipimo chake ("sukuma wiki, vifungu 15" na si "mboga"), bei, jina na simu ya muuzaji, saini ya aliyenunua na ya mpishi aliyepokea jikoni. Saini ya mpishi ndiyo yenye uzito, kwa kuwa yeye hakushika pesa.

Akilipwa kwa M-Pesa, nakili kwenye vocha ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, na jina lililotokea kwenye ujumbe. Gharama ya kutuma iwe mstari wake peke yake, usiichanganye na bei ya mboga. Wekeni kikomo kidogo kwa fomu hizi, tuseme 500. Mkijikuta mnaijaza kila wiki kwa bidhaa ile ile, hayo si matumizi madogo tena, tafuteni muuzaji mwenye mkataba.

Mwalimu mkuu alichukua 3,000 za safari ya Eldoret akasema nimwandikie tu karatasi. Wiki ya tatu hii. Nimkumbusheje mkubwa wangu? (Mhasibu, Bungoma)

Mkumbushe kwa karatasi, kwa adabu, leo. Chukua fomu ya karadha ya safari, jaza kiasi, tarehe aliyochukua na siku ya kurejesha, kisha umpelekee: "Mwalimu, naomba risiti zako za nauli na matumizi nifunge hesabu kabla ya kujaza sanduku." Sababu hiyo ni ya kweli, wala haimvunjii heshima. Akirudisha risiti za 2,400 na pesa 600, andika vocha ya 2,400, rudisha 600 sandukuni, kata ile karadha.

Hapo kuna jambo gumu zaidi: vocha ya mwalimu mkuu haiidhinishwi na mwalimu mkuu. Mwenyekiti wa bodi, au mjumbe aliyetajwa kwenye kumbukumbu za kikao, ndiye atie saini. Na sera iseme karadha hurejeshwa ndani ya saa 48 baada ya safari, na kwamba mwenye deni hapewi nyingine.

Mzazi ameleta karo taslimu. Naweza kuitumia sandukuni nikingoja hundi? (Mhasibu, Vihiga)

Hapana, hata kwa saa moja. Mkatie risiti, upeleke benki kiasi kile kile alicholeta.