Meza ya vitamutamu vya Idi

"Napika vingi lakini meza huonekana tupu, na vya nyuma wageni hawavifikii. Nipange vipi?"

Mwenzangu, sinia zikilala usawa mmoja, jicho huona kitambaa kuliko chakula. Kama meza imeegemea ukuta, weka ngazi tatu: nyuma kama sentimita 30, katikati 15, na mbele sahani zikae mezani penyewe. Mimi hupindua kreti la soda nyuma, katikati maboksi magumu, kisha natandika kitambaa juu ya vyote. Bonyeza kila ngazi kwa kiganja, ikiyumba, itoe.

Juu weka vikavu: visheti, vileja, kashata. Kaimati za shira ziwe mbele. Mwaka mmoja niliziweka juu. Kila mgeni alipochota, shira ilidondokea keki ya chini na kitambaa kizima kikanata.

Simama upande wa mgeni ujaribu: ufikie sahani ya nyuma bila mkono wa buibui kugusa vya mbele. Ukishindwa, vuta meza kutoka ukutani, watu wachukue pande zote mbili, na ngazi ndefu iwe katikati.

Tumia sahani ndogo ujaze tena na tena. Vya krimu, kwa joto la pwani, visikae nje zaidi ya saa 1.