Shingo Hufuata Macho: Nilivyorekebisha Matumizi ya Simu Dukani

Kazi yangu ni kuuza leso katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa wateja wangu wengi hawafiki dukani. Mteja wa Lamu au wa Nairobi hunitumia picha ya leso aliyoiona harusini na kuniambia anaitaka hiyo hiyo, yenye jina hilo hilo. Jina la leso, kama wajuavyo wenzangu, huandikwa mstari mmoja karibu na pindo, na katika picha ya simu mstari huo huwa mwembamba kama uzi. Ili niusome niliisogeza simu karibu na uso, nikainama, nikakaza macho, na siku ikapita hivyo.

Mwaka jana maumivu yalianza chini ya kisogo na kushuka hadi bega la kulia. Ilipofika alasiri macho yaliwasha kama yameingia mchanga, na nilipoinua kichwa kumtazama mtu mlangoni, sura yake ilikuwa na ukungu kwa muda kabla ya kutulia. Fundi wa cherehani anayenipindia leso, ambaye meza yake inaelekeana na yangu, ndiye aliyeniambia, "Dada, tangu asubuhi hujainua kichwa. Hata mimi mwenye sindano huinua."

Mwanzoni nilijitahidi kukaa wima tu, na kila baada ya dakika chache nikajikuta nimeinama tena. Nilichelewa kutambua kwamba shingo hufuata macho: maandishi yakiwa madogo, macho huyaendea, na kichwa hakina budi kuandamana nayo. Kwa hiyo marekebisho yangu ya kwanza hayakuhusu mgongo wala kiti. Niliingia kwenye mipangilio ya simu, nikaongeza ukubwa wa maandishi hadi nikaweza kusoma ujumbe simu ikiwa umbali wa sentimita 40 hivi, ambao ni takriban urefu kutoka kiwiko hadi vifundo vya ngumi. Picha za leso nikazoea kuzikuza kwa vidole viwili badala ya kuzisogelea.

Hata hivyo, majina ya leso bado yalinisumbua, na yalikuwa yakisomeka vizuri zaidi nikinyoosha mkono kuliko nikiikaribisha simu. Dalili hiyo ina maana yake. Mtu akikaribia au kupita miaka 40, lenzi ya jicho hupungukiwa na uwezo wa kubadili umbo ili kuona karibu, na hakuna mazoezi wala mapumziko yanayourudisha uwezo huo. Mimi nina miaka 46. Nilikwenda kupimwa macho, nikapewa miwani ya kusomea, na wiki hiyo hiyo nikaanza kuona tofauti ya shingo. Hutokea mtu akahangaika na mito na kuchuliwa kwa mafuta kumbe anachohitaji ni miwani.

Baada ya hapo nilishughulikia kimo cha simu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi kikiwa kimesimama sawasawa juu ya shingo. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba kichwa kikiinama nyuzi 15 shingo hubeba mzigo unaolingana na kilo 12, na kikifika nyuzi 60 mzigo hukaribia kilo 27. Zile ni hesabu za kielelezo na hazikupimwa kwenye shingo za watu walio hai, kwa hiyo sizichukui kama mizani ya dukani. Lakini mwelekeo wake ni sahihi, kwani misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kichwa kisianguke mbele. Niliweka korja mbili za leso juu ya meza, sanduku la viatu juu yake, na simu nikaiegemeza hapo, ukingo wake wa juu ukiwa chini kidogo ya usawa wa macho. Sasa ninashusha macho tu, kichwa kinabaki mahali pake. Ninapoandika majibu marefu huishika simu kwa mikono miwili na viwiko vikiwa vimelazwa mezani, kwa sababu mkono unaoning'inia huchoka, na ukichoka hushuka, na kichwa kikashuka nao.

Macho yalikuwa na matatizo mawili ambayo niliyachanganya. Ule ukungu wa kutazama mlangoni ulitokana na misuli ya ndani ya jicho iliyokaza muda mrefu kwa ajili ya kuona karibu, ikachelewa kulegea. Dawa yake ni kutazama mbali: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mimi hutazama kibao cha duka la ng'ambo ya barabara na kukisoma herufi kwa herufi, ili nihakikishe kwamba macho kweli yameondoka kwenye simu. Kuwasha ni jambo jingine. Mtu anayekodolea kioo cha simu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na mara nyingi kope hazifungi hadi mwisho, hivyo utando wa machozi hukauka. Joto la Mombasa hutufanya tuelekeze feni usoni, nayo huharakisha ukavu huo. Niliigeuza feni ipulize miguuni, na katika kila pumziko ninafumba macho polepole mara 10, kope zikikutana kabisa. Namna ya kutofautisha ni rahisi: ukungu ukiondoka papo hapo baada ya kupepesa, ni ukavu, ukihitaji kusubiri huku ukitazama mbali, ni misuli.

Kuhusu vikumbusho, nilikosea kwa miezi miwili. Niliweka kengele kwenye simu yenyewe, nayo ilipolia niliichukua kuizima, nikakuta ujumbe mpya, nikaujibu, pumziko likapotea. Sasa ninatumia saa ya mkononi yenye kipima muda kinachojirudia kila dakika 20. Hulia, naizima bila kugusa simu, nainua macho. Mteja akiwa mbele yangu sivunji mazungumzo, kwa kuwa kumtazama mtu usoni na kumtolea leso rafuni ni mapumziko ya shingo pia. Sekunde 20 huwatosha macho lakini hazitoshi shingo, ambayo inahitaji kubadilishiwa mkao. Kwa hiyo kila mlio wa tatu nasimama, navuta kidevu nyuma pasipo kukiinua wala kukiinamisha, nahesabu hadi 5, na kurudia mara 8. Sala ya adhuhuri na ya alasiri hunisimamisha vilevile, ila kati yake kuna zaidi ya saa tatu, na ndipo maumivu yangu yalipokuwa yakianza. Saa ya mkononi naihitaji zaidi wakati huo.

Bega lilichukua wiki tano kutulia. Iwapo maumivu yako yanateremka mkononi pamoja na ganzi au vidole kukosa nguvu, ukiona vimulimuli vya ghafla, au jicho moja likififia, usijaribu korja za leso wala kipima muda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana hizo si dalili za uchovu wa simu.