Andika jina la simu, si «bei nafuu» (tangazo la kubadilisha ekra)

*«Nina kibanda cha kutengeneza simu huku Katuba, Lubumbashi. Nataka kuweka tangazo la kubadilisha ekra kwenye WhatsApp: bei, muda na garanti. Niandike namna gani watu wasije kugombana na mimi?»*

Ndugu, mimi nilianza na maneno matatu tu: «Bei nafuu, haraka, garanti.» Watu walikuja kweli, na magomvi yakaja nyuma yao.

Gomvi lililonifundisha lilikuwa la Galaxy A50. Nilikuwa nimeandika «Ekra A50, dola 25». Mama mmoja akalipa, nikambadilishia, picha ikatoka safi. Kesho yake asubuhi yuko mlangoni: «Baba, simu yangu haijui tena kidole changu.» Alikuwa na haki. A50 inasoma alama ya kidole kupitia ekra yenyewe, na ile ya asili ni AMOLED, inayopitisha mwanga hadi kwenye kihisi kilicho chini yake. Mimi nilimwekea kopi ya LCD, ambayo ina taa yake nyuma, na taa hiyo inaziba njia. Ukigusa inaitika vizuri, lakini alama ya kidole haisomi hata ufanye nini. Nilijua hivyo, sikuandika. Nikamrudishia pesa yake, na ekra niliyokwisha kuitoa nailoni muuzaji hakuipokea.

Tangu siku ile kila tangazo langu ni la simu moja, na aina ya ekra inakaa kando ya bei. Hili ndilo ninalolitumia sasa:

> EKRA YA GALAXY A50
> Kopi ya LCD: dola 25. Alama ya kidole HAITAFANYA kazi, utafungua kwa namba ya siri.
> OLED yenye alama ya kidole: dola 60.
> Bei ni pamoja na kazi. Faranga tunapokea kwa kiwango cha siku.
> Ukileta kabla ya saa sita mchana, unachukua jioni ileile.
> Garanti siku 30: tachi ikikataa au mistari ikitokea, tunabadilisha bure. Haihusu kupasuka, maji, wala simu iliyofunguliwa kwa fundi mwingine.
> Bei hii mwisho Jumamosi.

Bei hizo ni za kibandani kwangu, weka zako. Ila epuka neno «kuanzia». Ukiandika «kuanzia dola 15», kila mtu anasoma 15, hata mwenye simu kubwa. Hata majina yanayofanana yanadanganya: A10 na A10s haziingiliani ekra. Mwambie mteja akutumie picha ya namba ya modeli kutoka kwenye mipangilio kabla hajapanda taksi. Ile ya kwanza utaona A105, ya pili A107.

Kwenye muda nilijikwaa mara mbili. Nilipoandika «Ekra mpya saa 3 tu», kijana mmoja akaja saa 3 asubuhi kuchukua simu ambayo hata hakuwa ameileta! Nilipoandika «dakika 40», nilisema kweli upande wa kazi ya mikono, nikasahau gundi. B-7000 inataka simu ikae imebanwa kwa mipira saa kadhaa, na inakauka kabisa baada ya siku moja au mbili. Ukimpa mtu simu mapema kwa sababu amesimama juu ya kichwa chako, ataiweka mfukoni, kona moja itainuka, vumbi litaingia, kisha atakuja kudai garanti. Na umeme ukikatika, kama huna betri ya kuwashia taa na mashine ya joto, hata hiyo «jioni» usiiandike.

Garanti ndiyo sehemu ya kufikiria kabla ya kuahidi. Muuzaji wa ekra kwa kawaida anakupokelea ile yenye kasoro iwapo nailoni na vibandiko vyake bado viko mahali pake. Kwa hiyo unganisha waya, jaribu tachi kona zote na mwanga, ndipo utoe nailoni na kutia gundi. Baada ya hapo siku 30 hizo unazibeba mwenyewe, na pesa yake iwe imo ndani ya bei.

Kuna doa moja jeusi linaloenea kama wino. Mafundi wengi wanasema papo hapo «umeikandamiza», na mara nyingi ni kweli. Mulika tochi kwa ubavu utafute ufa mwembamba. Lakini doa likianzia ukingoni katika siku za kwanza, angalia fremu: ikiwa imepinda kidogo pembeni, ndiyo iliyokuwa ikisukuma ekra tangu ulipoifunga, na wewe ndiye uliyepaswa kuinyoosha. Mimi hiyo nabadilisha bila kubishana. Andika tarehe kwenye karatasi ndogo, na ubandike kibandiko chako juu ya skrubu moja ndani, ujue kama mwingine amepita.