Alama za kabla na baada: jaribio lipi?

"Nina alama za wanafunzi 12 kabla na baada ya masomo ya ziada. Nitumie jaribio gani? Na nitajuaje kama saa za kujisomea zinahusiana na alama?"

Ndugu, hayo si makundi mawili. Kila mwanafunzi ana alama mbili, kwa hiyo ni jozi. Toa alama ya kabla kwenye ya baada, kisha chora hizo tofauti 12. Kama hakuna iliyojitenga, tumia jaribio la t la jozi, kwa programu ya R:

```
t.test(baada, kabla, paired = TRUE)
```

Wengi wakipanda 3 hadi 8 na mmoja 40, huyo atavuruga wastani. Hapo tumia jaribio la Wilcoxon la jozi, linalopanga tofauti kwa nafasi.

Kwa saa na alama, chora nukta kwanza, kisha tumia kipimo cha uhusiano cha Spearman, ambacho nacho hutumia nafasi. Ukimwondoa mwanafunzi mmoja na uhusiano ukapotea, usiutegemee.