Usiache prednisoloni ghafla: yaliyompata shangazi yangu

Kama umekunywa prednisoloni kila siku kwa mwezi mmoja au zaidi, usiiache siku moja kwa sababu uso umevimba, au maumivu yamekwisha, au vidonge vimeisha na duka la jirani halina. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu huenda msomaji mmoja yuko na kidonge chake cha mwisho sasa hivi. Katafute vingine leo, hata vya siku chache, kisha urudi kwa tabibu mpange namna ya kushusha dozi taratibu.

Mimi ni ofisa tabibu hapa Kigoma, na shangazi yangu ni mchuuzi wa dagaa Kibirizi. Ana baridi yabisi, ile inayoshika viungo vidogo vya mikono yote miwili, vidole vikawa havikunjiki mpaka jua lipande. Hospitali walimwandikia methotreksati ya kunywa mara moja kwa wiki, na prednisoloni miligramu 20, yaani vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Methotreksati ndiyo inayodhibiti ugonjwa wenyewe, lakini huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na prednisoloni hushika nafasi wakati huo. Akaambiwa arudi kliniki ili vidonge vianze kupunguzwa.

Hakurudi. Wiki haikuisha akawa anaanua dagaa na kukamua nguo mwenyewe, na safari ya kliniki ikaonekana haina haja. Methotreksati ilipokwisha hakuifuata. Ile nyingine alikuwa anapeleka pakiti tupu dukani: "Nipe kama hizi." Akaendelea hivyo kwa karibu miezi mitano, 4x1 kama ilivyoandikwa kwenye bahasha ya kwanza.

Mwili ukaanza kubadilika. Uso ukawa wa mviringo, tumbo na mabega ya nyuma vikajaa, lakini mapaja yakapungua hata kuinuka kwenye kigoda ikawa kwa kushika ukuta. Usiku usingizi haupatikani. Presha, ambayo hakuwahi kuwa nayo, ikapanda. Akigongwa kidogo na kreti mkononi, ngozi inabaki na doa jeusi. Baadhi ya majirani walimsifu kwamba amenawiri, wengine wakamwambia kwamba dawa inamharibu.

Watu wengi hudhani madhara haya ni kama sumu iliyomo ndani ya kidonge, kwamba kampuni nyingine ingetengeneza kilicho safi zaidi. Sivyo. Prednisoloni inaiga homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kila siku, kotisoli, itokayo kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kotisoli ndiyo inayotoa sukari kutoka kwenye akiba wakati hujala, inayosaidia mishipa ibaki na msukumo wa damu, na inayotuliza kinga ya mwili isivuke mipaka. Kotisoli ya mtu mzima kwa siku inakaribia nguvu ya prednisoloni miligramu 5. Shangazi alikuwa anakunywa 20. Kila asubuhi alimeza kiasi ambacho mwili wake ungekitumia kwa siku nne.

Kwa hiyo madhara ni kazi ile ile iliyopita kiasi. Inayotoa sukari inaipandisha hadi kisukari. Ili kuipata, inavunja misuli, ndiyo maana mapaja yanalegea. Mafuta inayahamishia usoni, tumboni na shingoni. Inapunguza ujenzi wa mifupa, na mifupa inapungua nguvu bila kuuma hadi siku inapovunjika. Kinga ambayo imetulizwa isiumize viungo imetulizwa pia mbele ya kifua kikuu kilichokuwa kimelala, kwa hiyo mwenye kutumia dawa hii akikohoa wiki mbili apimwe makohozi. Kidonge hakijui kwenda kwenye vidole peke yake. Kinaingia kwenye damu na kufika kila mahali, na ndiyo maana kipimo na muda ni vitu vya kuhesabiwa.

Basi shangazi aliposikia kwamba anaharibika, akavitupa vidonge vyote.

Siku ya kwanza hakuona tofauti. Kufikia ya tatu alichoka hata kusonga ugali ikawa kazi, hana hamu ya kula, kichefuchefu, tumbo linauma bila mahali maalumu, mwili mzima unauma kama mwenye homa ilhali hana joto. Akisimama anaona giza. Kwa huku kwetu dalili hizo zina jina moja tu, malaria, na alikuwa ameshauriwa anunue dawa mseto. Nilipofika nilimpima kwa kipimo cha haraka, hakuna malaria. Presha ambayo mwezi uliopita ilikuwa juu sasa ilikuwa 80 kwa 50. Sukari nayo ilikuwa chini, 3.1. Nikamuuliza, "Shangazi, zile za viungo unaendelea nazo?" Akanijibu, "Zile nimeziacha, mwanangu, zilikuwa zinanivimbisha."

Jibu hilo ndilo lililotuokolea muda. Tulimpeleka hospitali, akachomwa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya sindano, miligramu 100 kwenye mshipa, akawekewa dripu ya chumvi pamoja na glukosi, kisha haidrokotisoni miligramu 50 kila saa sita. Jioni ile ile alikaa kitandani na kuomba uji.

Kilichotokea ni hiki. Ubongo hupima kotisoli iliyomo kwenye damu saa zote. Ikipungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inatuma homoni ya kuziamsha zile za juu ya figo. Damu ikiwa imejaa prednisoloni, ubongo unaona kuna ya kutosha na hautumi kitu. Wiki zikapita, tezi zile ambazo hazijaamshwa zinasinyaa, kama mguu uliofungwa hogo muda mrefu. Ukiacha vidonge, prednisoloni inaisha mwilini kwa siku moja au mbili, lakini tezi zinahitaji wiki, miezi, kwa wengine hata mwaka, ndipo zirudie kazi yake. Katikati hapo mtu hana ya dukani wala ya mwilini. Akiwa ametulia nyumbani anaweza kuvumilia kwa uchovu tu. Akipata malaria, kuhara au upasuaji, wakati ambapo mwili wenye afya ungeongeza kotisoli mara kadhaa, presha inaanguka na anaweza kufa. Wagonjwa walikufa hivi tangu miaka ya mwanzo ya dawa hizi: kotisoni ilianza kutumika kwa baridi yabisi mwaka 1948, na mwaka 1952 jarida la madaktari Marekani likaeleza kifo cha mgonjwa baada ya upasuaji, tezi zake zikiwa zimesinyaa.

Kumshusha shangazi kulianza kwa kumrudisha kwenye miligramu 20, jambo ambalo hakulipenda. Kisha daktari akarudisha methotreksati pamoja na foliki asidi, akasubiri ishike. Hatua hiyo hurukwa sana: ukipunguza prednisoloni bila kitu cha kudhibiti ugonjwa wenyewe, viungo vitawaka na mgonjwa atarudi dukani. Baada ya hapo ilipunguzwa miligramu 2.5, yaani nusu kidonge, kila baada ya wiki mbili, hadi 10. Kutoka 10 kwenda 7.5, kisha 5, alikaa mwezi mzima kwenye kila ngazi. Kila mara dawa yote aliinywa asubuhi baada ya chakula, kwa kuwa ndiyo saa ambayo mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi. Ukiinywa jioni unaziba amri ya alfajiri na unajinyima usingizi. Vidonge vya kawaida hukatwa kwa wembe kwenye mstari wake. Vile vyenye ganda la kung'aa visikatwe.

Watu huuliza kwa nini mwisho uende polepole kuliko mwanzo. Kutoka 20 hadi 17.5 umepunguza sehemu moja ya nane, na bado unakunywa zaidi ya mahitaji ya mwili, kwa hiyo hofu kubwa hapo ni ugonjwa kurudi. Kutoka 5 hadi 2.5 umepunguza nusu, na umeshuka chini ya kiwango cha mwili. Hapo ndipo tezi zinalazimika kuamka. Shangazi alikwama hapo hapo. Uchovu na kizunguzungu vilirudi wiki ya pili, ikabidi apande tena 5 kwa mwezi mwingine kabla ya kujaribu upya, safari hii 5 na 2.5 kwa kupokezana siku.

Ukiwa unashuka, jifunze kutofautisha. Vidole vikivimba na kupata joto, vikakakamaa asubuhi, huo ni ugonjwa wa viungo. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona giza ukisimama na kupungua uzito ni tezi. Njia nyepesi ya kupima ni presha: ipimwe umelala, kisha umesimama dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, rudi kwenye ngazi uliyotoka na umwone tabibu siku hiyo hiyo.

Homa ikija katikati ya safari, kipimo hakipungui, kinapanda. Shangazi alipougua malaria akiwa kwenye 7.5, alikunywa 15 kila siku hadi alipopona, pamoja na dawa mseto yake, kisha akarudi 7.5. Ukitapika kidonge ndani ya nusu saa, rudia. Ukikitapika tena, unahitaji sindano ya haidrokotisoni, ile ile wanayochomwa wenye pumu kali. Wanaoishi vijiji vya mwambao, ambako mpaka boti ipatikane ni kesho, wazungumze na zahanati yao mapema kuhusu sindano hiyo.

Wenye pumu wasitishike bure. Prednisoloni ya siku tano au saba kwa ajili ya shambulio huachwa bila kupunguzwa, kwa sababu tezi hazijapata muda wa kusinyaa. Ila ukirudia dozi hizo fupi mara nyingi ndani ya mwaka, mwambie tabibu.

Wanaonipa wasiwasi zaidi ni wanaotumia steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, bila kujua. Ipo "dawa ya mgongo" inayofungwa kwenye bahasha isiyo na jina, na vipo vidonge vya kunenepesha, na ndani yake mara nyingine ni deksamethasoni. Miligramu 0.75 ya deksamethasoni ina nguvu ya prednisoloni miligramu 5, na inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo inazizima tezi vibaya zaidi. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa na mashavu yamejaa huku miguu imepungua, usiitupe. Ipeleke kituo cha afya na bahasha yake, mwambie mhudumu umeitumia tangu lini na vingapi kwa siku.

Shangazi sasa amemaliza vidonge. Kwa mwaka mmoja anatembea na karatasi ndani ya kadi yake ya kliniki, nimeiandika kwa kalamu nyekundu: "Alitumia prednisoloni miligramu 20 kwa miezi mitano, akashushwa taratibu. Akiwa na kutapika, presha ya chini, ajali au upasuaji, apewe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja." Chini yake kuna tarehe aliyomeza nusu kidonge cha mwisho.