Usibadilishe Istilahi Unapofupisha Mkataba

Mikataba mingi ninayoletewa hapa Kampala imeandikwa kwa Kiingereza, na wanaoniletea wanataka kujua kwa Kiswahili wamejifunga kwa lipi. Wengine wana malori yanayopita Malaba, wengine wananunua bidhaa za kupeleka Kongo, wengine ni wenye kahawa wa Masaka walioungana na jamaa zao wa Bukoba. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuusoma mkataba wote na kumrudishia mtu kurasa mbili anazoweza kuzitumia akiwa njiani.

Leo nataka kuzungumzia aina moja tu ya mkataba, ule ambao kifungu chake cha kwanza kinaeleza maana za maneno, kisha vifungu vingine vyote vinasimama juu ya maana hizo. Utautambua kwa herufi kubwa. Ukikuta “Kahawa”, “Ghala”, “Bei” na “Siku ya Kazi” vimeandikwa hivyo katikati ya sentensi, ujue kila kimojawapo kina maana iliyokubaliwa kule mwanzo, na maana hiyo huenda isilingane na ile tunayoitumia sokoni. Mkulima wa Masaka akisema kahawa, mara nyingi anamaanisha kiboko, yaani kahawa iliyokauka na maganda yake. Katika mkataba nitakaoueleza, “Kahawa” ilikuwa robusta iliyokwisha kukobolewa. Ukikoboa kiboko unabaki na karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo mtu aliyeahidi tani kumi na mbili za “Kahawa” akiwa na tani kumi na mbili za kiboko stoo, bado yuko mbali sana na ahadi yake.

Mkataba wenyewe uliletwa kwangu na mzee mmoja muuzaji, pamoja na muhtasari aliokuwa ameandikiwa kwingine. Namba nimezirahisisha, lakini mambo yalikuwa hivi. Mkataba ulitumia istilahi moja tu kwa tukio la kupokea mzigo. Nitaiita “Kupokelewa”. Maana yake: Kahawa imeingizwa ndani ya Ghala, imepimwa uzito na unyevu, na Mnunuzi ametia saini Hati ya Upokezi. Mambo yote matatu, si moja kati yake.

Muhtasari ule ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kwenye malipo uliandika “siku tano baada ya kufikisha kahawa”. Kwenye hatari ya mzigo uliandika “baada ya kukabidhi”. Kwenye adhabu ya kuchelewa uliandika “mzigo ukichelewa kufika”. Shuleni tulifundishwa kwamba insha nzuri hairudii neno lile lile, na mwandishi yule alifuata alivyofundishwa. Lakini msomaji akiona maneno matatu anadhani ni matukio matatu, na kila moja analielewa kwa jinsi linavyotumika mtaani.

Nilimuuliza mzee, “Lori likifika getini kwa mnunuzi, wewe unahesabu umeshafikisha?”

“Mwanangu, mimi nimetoka Masaka usiku, niko getini kwake. Unataka nifikishe wapi tena?”

Kwa jinsi muhtasari ulivyoandikwa, alikuwa na haki kabisa ya kujibu hivyo. Sasa tuone mkataba ulisema nini hasa, tukitumia Pasaka ya mwaka 2025.

Siku ya Kazi, kwa mkataba ule, ni siku yoyote isiyokuwa Jumamosi, Jumapili wala sikukuu ya kitaifa Uganda. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 18 Aprili na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21, kwa hiyo kuanzia tarehe 18 mpaka 21 hapakuwa na Siku ya Kazi hata moja. Tarehe ya Mwisho ya Kupokelewa ilikuwa Alhamisi tarehe 17. Na kifungu kingine kilimpa Mnunuzi Siku za Kazi mbili, baada ya siku lori linapofika, za kupima mzigo.

Tuseme lori limefika getini Jumatano tarehe 16. Kwa mzee, amewahi kwa siku nzima, na siku tano zake za malipo zinaisha tarehe 21. Lakini Mnunuzi ana Siku za Kazi mbili za kupima: ya kwanza ni Alhamisi tarehe 17, ya pili ni Jumanne tarehe 22. Akipima na kutia saini tarehe 22, hajavunja kifungu chochote. Malipo yanahesabiwa kuanzia hapo, kwa Siku za Kazi tano: tarehe 23, 24, 25, 28, kisha 29 Aprili. Zimepita siku nane tangu tarehe ambayo mzee alikuwa ameahidi kuwalipa wakulima wake.

Katika siku zote hizo tangu lilipofika, mzigo uko kwenye lori nje ya Ghala, na Aprili ni mwezi wa mvua. Kifungu cha hatari kinasema upotevu na uharibifu unamhamia Mnunuzi wakati wa Kupokelewa. Turubai likivuja Jumamosi usiku, hasara ni ya mzee. Na juu ya hayo, kwa kuwa Kupokelewa kumetokea tarehe 22 badala ya 17, amechelewa. Mkataba ulikata nusu asilimia ya thamani ya mzigo kwa kila siku ya kuchelewa. Hapo neno lilikuwa “siku” kwa herufi ndogo, si Siku ya Kazi, kwa hiyo Pasaka yote inahesabiwa: 18, 19, 20, 21 na 22. Siku tano, asilimia mbili na nusu.

Kinachomfaa mzee katika habari yote hii ni sentensi moja: lori liwe limefika si zaidi ya Jumanne tarehe 15, ili Siku za Kazi mbili za Mnunuzi ziishe tarehe 17. Sentensi hiyo haimo popote ndani ya mkataba. Inapatikana tu ukizibeba maana za Kupokelewa na Siku ya Kazi bila kuzigeuza kutoka kifungu kimoja hadi kingine, na ule muhtasari usingeweza kuitoa hata ungesomwa kwa makini kiasi gani.

Basi mimi hufanya hivi. Kabla ya kufupisha kifungu chochote, naandika istilahi zote kwenye karatasi ya pembeni, na mbele ya kila moja naweka jina moja la Kiswahili nitakalolitumia mpaka mwisho. Jina si lazima liwe tamu. Lazima liwe moja, liwe na herufi kubwa, na lisifanane na jina la istilahi nyingine. Kisha naandika kila istilahi inategemea istilahi zipi, kwa sababu huwa zinabebana. “Bei” ya mkataba huu ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila kilo ya Uzito wa Malipo. Uzito wa Malipo ulikuwa uzito wa mizani ukitoa magunia, kisha ukitoa asilimia moja kwa kila asilimia ya unyevu inayozidi 13.

Magunia 200 yenye jumla ya kilo 12,000 kwenye mizani, kila gunia tupu likiwa na kilo moja, yanabaki kilo 11,800. Unyevu ukisoma 15, unakata asilimia mbili, zinabaki kilo 11,564. Hiyo ni shilingi 115,640,000. Aliyefupisha kwa kuandika “shilingi 10,000 kwa kilo” amemfanya muuzaji atarajie milioni 120, na zile milioni nne na zaidi zinazopungua zitaonekana kama wizi wa mizani. Ile adhabu ya siku tano nayo inakokotolewa juu ya thamani hii, na ni shilingi 2,891,000.

Wengi huuliza kama muhtasari unapaswa kuwa na ukurasa wa istilahi mwanzoni. Kwa maoni yangu, hapana, isipokuwa msomaji ni mtu wa ofisini. Mfanyabiashara ataruka ukurasa huo na kwenda moja kwa moja kwenye malipo. Ninaeleza maana ya istilahi mara moja, pale inapoanza kumgusa mfukoni, na baada ya hapo narudia jina lake tu. Katika muhtasari wa mzee, istilahi ya Kupokelewa niliieleza chini ya malipo, kwa sentensi mbili. Kwenye hatari na kwenye adhabu liliandikwa Kupokelewa, basi.

Nikimaliza naufanyia muhtasari jaribio la kubadilisha. Nachukua sentensi ya muhtasari, natoa istilahi, naweka maana yake nzima mahali pake. Nafanya vivyo hivyo kwenye kifungu cha asili. Sentensi mbili zikisema jambo lile lile, zinapita. “Siku tano baada ya kufikisha” isingepita, kwa sababu “kufikisha” haina maana ya kuweka pale. Baadaye natumia `Ctrl+F` kutafuta maneno jirani: kufika, kufikisha, kukabidhi, kuleta, mzigo, bidhaa. Kila ninapolikuta mojawapo, najiuliza kama nimelitumia kwa kukusudia. “Lori linapofika” katika kifungu cha upimaji ni tukio tofauti kweli, kwa hiyo hilo linabaki.

Utakutana pia na mkataba ulioteleza wenyewe: istilahi ni “Kahawa”, halafu kifungu kimoja kinasema “bidhaa”. Usiisahihishe kimya kimya. Huenda ni kosa la mwandishi, huenda kiboko kiliingizwa hapo kwa makusudi, na si kazi ya muhtasari kuamua. Acha “bidhaa” ilivyo, weka maelezo pembeni kwamba neno hili halikufasiliwa, na mwambie mteja alipeleke kwa wakili kabla ya kusaini. Vile vile “siku” ya herufi ndogo kwenye adhabu. Mimi niliihesabu kama siku za kalenda, nikaandika wazi kwamba nimeihesabu hivyo na kwa nini.

Istilahi nyingine hujificha mbali na kifungu cha kwanza, ndani ya mabano au kwenye jedwali la nyuma. Katika mkataba ule “Ghala” lilielezwa kwenye jedwali. Baadaye ikaja nyongeza ya sentensi moja: Ghala sasa ni jengo lililoko Namanve. Mzee alidhani ni taarifa ya anwani tu. Lakini Kupokelewa hutokea ndani ya Ghala, kwa hiyo lori la kutoka Masaka sasa lazima livuke Kampala yote kuelekea Mukono, kwa gharama na hatari ya muuzaji, na saa zote za foleni zinaliwa ndani ya Tarehe ya Mwisho ile ile. Niliupitia upya kila mstari wenye Ghala na kila wenye Kupokelewa, na pale palipoandikwa lori lifike Jumanne tarehe 15, nikaongeza kwamba liondoke Masaka Jumatatu jioni.